Video ya saa mbili, mteja anataka dakika nane: Hivi ndivyo utakavyoigawa kwa sura

SIMU inaingia Jumatatu asubuhi kabla hujamaliza chai. Ni mteja ambaye ulimrekodia harusi mwaka jana.

“Kaka, habari ya asubuhi. Samahani kwa kukusumbua. Ile video yetu, mahali shosho anaongea ni wapi? Tumempoteza wiki jana. Tunataka watu wamsikie Alhamisi kwa matanga, lakini tumetafuta jana usiku mpaka tukachoka.”

Unampa pole, unamwambia utamrudia. Kisha unafungua laptopu na kukumbuka kwamba ile kazi uliifuta zamani ili kupata nafasi ya harusi nyingine. Kilichobaki ni faili moja tu, harusi.mp4, yenye urefu wa saa 2 na dakika 10. Unaivuta kwa mausi mbele, nyuma, mbele tena. Unaona keki. Unaona gari. Unaona kwaya. Shosho haonekani.

Kama unarekodi harusi, ibada, mazishi au mikutano ya kaunti, simu ya aina hii utaipata tu. Dawa yake ni sura: ile orodha ya saa na vichwa ambayo mtazamaji anabofya na kurushwa moja kwa moja hadi sehemu anayoitaka. Ukiwa bado na mradi wako kwenye programu ya kuhariri, kazi ni rahisi, kwani unaweka alama ukiendelea kukata. Shida ni pale umebaki na faili iliyokamilika pekee. Hapo itabidi kompyuta ikusaidie kutafuta mahali picha inabadilika.

Habari njema ni kwamba programu ya kufanya hivyo ni ya bure. Inaitwa ffmpeg, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haina vitufe, unaiandikia amri. Lakini kabla ya kuandika amri yoyote, elewa kwanza kompyuta inaona nini. Ukiruka hapo, utapata orodha ya nambari mia sita na hutajua uziamini zipi.

Kompyuta haimjui bibi harusi

Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Kwa kamera nyingi za huku kwetu ni picha 25 kwa kila sekunde, na kila moja tunaiita fremu. Ukikata kutoka kamera ya kwanza hadi ya pili, fremu moja inaonyesha uso wa pasta na inayofuata inaonyesha umati. Hakuna kitu katikati. Huo ndio mkato.

Ili kuuona, ffmpeg inachukua fremu mbili zilizofuatana na kuzilinganisha nukta kwa nukta, mahali pale pale. Inauliza: nukta hii imebadilika kiasi gani? Kisha inapata wastani wa picha nzima. Mtu akiwa amesimama tu anaongea, tofauti ni ndogo, tuseme 2. Mkato ukitokea, tofauti inaruka ghafla, tuseme hadi 45.

Lakini haiishii hapo. Inalinganisha pia tofauti ya sasa na tofauti iliyotangulia, kisha inachukua ile ndogo kati ya hizo hesabu mbili. Tazama mfululizo huu wa tofauti: 2, 2, 2, 45, 2. Pale kwenye 45, tofauti yenyewe ni 45, na mruko kutoka 2 ni 43. Ndogo ni 43, kwa hivyo alama ni 0.43. Alama zote huwa kati ya 0 na 1.

Kwa nini ijisumbue hivyo? Fikiria umebeba kamera mkononi ukigeuka polepole kutoka madhabahuni hadi mlangoni. Kila fremu ni tofauti na iliyotangulia, hivi: 20, 20, 21, 20. Kama ingetazama tofauti peke yake, ingedhani kila fremu ni mkato. Kwa kuwa inatazama pia mruko, inapata 0 au 1, na alama inakuwa 0.01. Inajua kwamba hiyo ni kamera inatembea tu, hakuna kilichokatwa.

Shika wazo hilo moja: kompyuta inapima mruko wa ghafla wa nukta za picha. Haijui kanisa, haijui keki, wala haimjui shosho. Karibu kila kosa utakaloliona kwenye orodha yako linatoka hapo.

Jaribu dakika tatu kwanza

Usianze na faili nzima. Chukua kipande cha dakika tatu chenye shughuli, kwa mfano maharusi wakiingia kanisani, ukitazame kwa macho yako, na uhesabu mikato kwa kidole. Kisha iambie ffmpeg ikihesabu:

```
ffmpeg -ss 00:33:00 -t 180 -i harusi.mp4 -vf "select='gt(scene,0.3)',metadata=print:file=jaribio.txt" -an -f null -
```

Isome hivi. Anza dakika ya 33, chukua sekunde 180, chagua fremu zenye alama inayozidi 0.3, andika saa zake kwenye faili ya jaribio.txt. Sehemu ya -an inamaanisha sauti iachwe, na ile null ya mwisho inamaanisha usitengeneze video mpya. Unatafuta nambari tu.

Ile 0.3 ndiyo kizingiti. Mkato wenye alama ya chini yake hauandikwi. Tuseme kwa macho ulihesabu mikato 14. Ukiweka kizingiti 0.2, faili inakupa 21: ile 14 yote imo, na saba za uongo. Ukiweka 0.3 unapata 15: 13 za kweli na mbili za uongo. Ukipanda hadi 0.5 unapata nane pekee, zote za kweli, lakini sita zimepotea.

Utachagua ipi? Hapo kuna swali la maana kuliko nambari yenyewe: kosa gani litakugharimu zaidi? Mkato wa uongo unaufuta kwa kutupa jicho mara moja. Mkato uliopotea hutajua kwamba umepotea, na kuutafuta ni kurudi kuvuta mausi mbele na nyuma. Kwa kazi ya sura, afadhali takataka kidogo kuliko pengo. Kwa harusi hii tunabaki na 0.3. Video yenye giza, ambayo rangi za kamera zote zinafanana, huenda ikahitaji 0.2.

Jihadhari na jambo dogo linalowakosesha wengi. Ukiruka mbele kwa -ss kama tulivyofanya, saa kwenye faili zinaanza kuhesabiwa upya kutoka sufuri. Mkato unaosema sekunde 40 uko dakika ya 33 na sekunde 40 ya video nzima. Ndiyo maana baada ya jaribio tunaondoa -ss na -t na kupitisha faili yote:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=320:-2,select='gt(scene,0.3)',metadata=print:file=mikato.txt" -an -f null -
```

Tumeongeza scale, inayopunguza picha hadi upana wa nukta 320 kabla ya kulinganisha. Inafanya hesabu iwe nyepesi na inatuliza zile chembechembe za picha zilizorekodiwa gizani. Hata hivyo laptopu bado lazima ifungue kila fremu ya saa mbili, kwa hivyo iache ifanye kazi, nawe ukamalizie chai.

Soma picha, si nambari

Ukifungua mikato.txt utakuta mistari miwili kwa kila mkato, namna hii:

```
frame:205  pts:40031232 pts_time:3127.44
lavfi.scene_score=0.412806
```

Unachohitaji ni pts_time. Hizo ni sekunde tangu video ianze. Gawanya 3127 kwa 60: unapata dakika 52 na zinabaki sekunde saba. Saa yako ni 52:07. Ile .44 iache. Ukishusha chini, mtazamaji ataona kipande kidogo sana cha picha iliyotangulia, na hilo halina neno. Ukipandisha juu, unaweza kumkata mtu neno lake la kwanza.

Sasa, tuseme orodha nzima ina mikato 611. Hakuna mtu atakayebofya 611. Badala yake, tengeneza karatasi za picha ndogo ndogo, kila mkato na picha yake:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=320:-2,select='gt(scene,0.3)',scale=240:-2,tile=6x8" -fps_mode vfr kurasa_%02d.png
```

Kama ffmpeg yako ni ya zamani na inalalamika kuhusu -fps_mode, andika -vsync vfr mahali pake. Kila karatasi ina picha sita kwa upana na safu nane, jumla 48. Mikato 611 inaenea kwenye karatasi 13. Harusi nzima ya saa mbili unaitazama kama gazeti.

Na hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Karatasi mbili za kwanza zina rangi ya chumba: mapazia, vioo, nguo zikipigwa pasi. Ghafla safu moja inakuwa ya kijani na vumbi, akina mama wameziba geti wakiimba. Kisha barabara. Kisha kahawia ya viti vya kanisa, karatasi nzima na zaidi. Kisha tena kijani, bustani. Kisha weupe wa hema. Jicho lako linaona mipaka hiyo kwa sekunde chache, jambo ambalo hesabu ya nukta haiwezi.

Ili kurudi kwenye saa, hesabu nafasi ya picha. Mathalani bwana harusi akivalishwa pete yuko karatasi ya tano, safu ya tatu, picha ya pili. Karatasi nne zilizopita ni 192, safu mbili ni 12, na picha mbili: jumla 206. Lakini ffmpeg inaanza kuhesabu kutoka 0, kwa hivyo picha ya 206 ni frame:205 kwenye orodha. Ndiyo hiyo tuliyoisoma juu: 52:07. Ukisahau kutoa moja, kila sura yako itaanza mkato mmoja mbele.

Elewa vizuri tofauti hii: mkato si sura. Kule kanisani kamera zako mbili zilibadilishana mara nyingi, pasta, umati, pasta, umati, na yote hiyo ni ibada moja. Sura inabadilika pale ambapo mahali, tukio au msemaji anabadilika. Kompyuta imekupa milango 611 inayowezekana. Wewe ndiye unayejua ni ipi kumi inayoingia kwenye chumba kingine.

Mahali inapodanganya

Kwenye karatasi ya nane unaona picha tano mfululizo za bibi harusi akikata utepe hemani. Zote sawa, ila moja moja imepauka kama amemwagiwa unga. Hiyo ni fleshi ya kamera ya mpiga picha. Rudi kwenye hesabu yetu: 2, 40, 40, 2. Mwanga ulipowaka, mruko ukawa 38, na alama 0.38 ikapita kizingiti. Ulipozima, tofauti ilikuwa bado 40 lakini haikuruka kutoka iliyotangulia, kwa hivyo haikuandikwa mara ya pili. Fleshi moja, mkato mmoja wa uongo. Taa za DJ usiku ni hivyo hivyo, ila zinakuja kwa mamia.

Utazitambua hata bila picha. Tazama saa: 4391.04, kisha 4391.36, kisha 4391.80. Hakuna mhariri anayekata kila theluthi ya sekunde wakati wa kukata utepe. Mikato inayofuatana kwa chini ya sekunde moja, ifute yote ubakishe wa kwanza, kisha uangalie kama huo wa kwanza nao ni fleshi.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Unakumbuka ulivyounganisha kanisa na bustani? Hukukata. Uliweka ule mtindo wa picha moja kuyeyuka polepole ndani ya nyingine, kwa sekunde nzima. Kwa macho ya mtu, hayo ndiyo mabadiliko makubwa kabisa kwenye video. Kwa ffmpeg, hakuna kilichotokea. Ile tofauti ya 45 imegawanywa kwa fremu 25, kila hatua haifiki hata 2, na hakuna mruko. Alama inabaki karibu na sufuri. Hata ukishusha kizingiti hadi 0.1 hutaipata. Utapata takataka tu.

Dawa ni kuipunguzia kompyuta macho. Badala ya fremu 25 kwa sekunde, iambie itazame moja tu:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "fps=1,scale=320:-2,select='gt(scene,0.2)',metadata=print:file=polepole.txt" -an -f null -
```

Sasa myeyuko uliochukua sekunde nzima unakuwa hatua moja au mbili kubwa, na unaonekana. Kizingiti tumekishusha hadi 0.2 kwa sababu mruko ukigawanyika mara mbili, kila nusu ina alama ndogo. Kuna faida nyingine: fleshi inawaka kwa muda mfupi mno, kwa hivyo nyingi zinaangukia katikati ya sekunde na hazionekani kabisa.

Bei yake ni nini? Usahihi wako sasa ni wa sekunde moja hivi, na kamera ya mkononi inayotembea haraka itaandikwa kama mkato, kwani ndani ya sekunde moja picha imeshabadilika sana. Kwa sura, sekunde moja si kitu. Kwa hivyo pitisha amri zote mbili, na mipaka mikubwa itafute kwenye ile ya polepole.

Kuna ndugu wa myeyuko ambaye ni rahisi zaidi: picha kuzama kwenye giza kabla ya sehemu mpya. Kama ulipenda mtindo huo ukiwa unahariri, una bahati. ffmpeg ina kichujio cha kutafuta giza peke yake:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "blackdetect=d=0.5" -an -f null -
```

Itakuandikia black_start na black_end kwa kila mahali skrini ilipokuwa nyeusi kwa nusu sekunde au zaidi. Mhariri hazimishi picha bila sababu, kwa hivyo nyingi ya saa hizo ni mipaka ya sura moja kwa moja. Weka mwanzo wa sura kwenye black_end, mtazamaji asije akabofya akakutana na giza.

Shosho yuko ndani ya kimya

Sasa turudi kwa yule mteja. Umepata nyumbani, geti, barabara, kanisa, pete, bustani, hema, hotuba, keki, zawadi. Shosho bado. Kwenye karatasi zote 13 hakuna picha yake hata moja.

Sababu ni kwamba picha hizo ni za fremu ya kwanza baada ya mkato, na shosho hakuja kwa mkato. Wakati wa hotuba kamera ya pili iliisha betri. Kamera ya kwanza ikabaki juu ya tripodi, na wazee wakawa wanapokezana maiki mahali pale pale. Mmoja anakaa, mwingine anainuka, kamera inageuzwa polepole. Kwa hesabu ya nukta, hiyo ni shoti moja ndefu.

Lakini orodha yako imekuonyesha alipo, ukijua namna ya kuisoma. Usitazame nambari tu, tazama nafasi kati ya nambari. Kwenye muziki na matayarisho, mikato inakuja kila sekunde chache. Kanisani kila kumi au kumi na tano. Kisha unakutana na hii: mkato wa sekunde ya 5402, yaani 1:30:02, na unaofuata ni wa sekunde ya 6450, yaani 1:47:30. Zaidi ya dakika 17 bila mkato hata mmoja.

Kwenye video iliyohaririwa, kimya cha namna hiyo kina maana. Ni kamera moja imesimama na mtu anaongea. Ni hotuba, mahubiri, au ushuhuda. Kwa maneno mengine, sehemu ambazo familia itazitafuta baada ya miaka ndizo ambazo kompyuta haitaziwekea alama yoyote.

Kwa hivyo pale ambapo orodha imenyamaza, weka vipokea sauti masikioni. Badala ya saa mbili, una dakika 17 tu za kuchunguza. Ruka dakika moja moja, sikiliza sekunde tano. 1:31, baba wa bwana harusi. 1:35, mjomba. 1:38, mjomba anamalizia. 1:39, sauti ya mwanamke mzee. Rudi nyuma polepole: saa 1:38:56 emsii anasema tumkaribishe shosho. Hapo ndipo unaweka alama, kabla hajafika kwenye maiki, ili watu wamwone akiinuka na kutembea. Ukianzia kwenye neno lake la kwanza, utakuwa umewanyima hilo.

Kuandika orodha yenyewe

Kama video iko YouTube, orodha inaandikwa kwenye maelezo ya video, kila sura mstari wake:

```
00:00 Matayarisho nyumbani
14:32 Akina mama wafunga geti
27:05 Safari ya kanisani
31:48 Maharusi waingia kanisani
52:07 Viapo na pete
1:06:20 Picha bustanini
1:12:41 Kuingia hemani
1:25:10 Hotuba za wazazi
1:38:56 Shosho azungumza
1:47:30 Keki
1:55:03 Zawadi
```

Kuna masharti ambayo ukiyavunja sura hazitokei, na hakuna atakayekwambia kwa nini. Ya kwanza lazima iwe 00:00. Hapa wengi wanakwama, kwa sababu ffmpeg haiandiki fremu ya kwanza kama mkato, haina ya kuilinganisha nayo. Iandike mwenyewe. Pili, lazima ziwe sura tatu au zaidi, zikifuatana kwa mpangilio wa saa. Tatu, hakuna sura inayoweza kuwa fupi kuliko sekunde 10.

Lakini familia nyingi zinataka video kwenye flashi, zichomeke kwenye TV au laptopu. Huko hakuna maelezo ya YouTube. Sura zinaingizwa ndani ya faili yenyewe. Andika faili ya maandishi, uiite sura.txt, saa zikiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Hiki ni kipande cha shosho. Zile nyingine unaziandika kwa namna hiyo hiyo, kuanzia ya sufuri:

```
;FFMETADATA1
[CHAPTER]
TIMEBASE=1/1000
START=5936000
END=6450000
title=Shosho azungumza
```

Mstari wa juu kabisa unaandikwa mara moja tu, na kila sura inaanza na [CHAPTER] yake. Dakika 98 na sekunde 56 ni sekunde 5936, ongeza sufuri tatu. Kisha:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -i sura.txt -map_metadata 1 -map_chapters 1 -codec copy harusi_sura.mp4
```

Maneno -codec copy yanamaanisha picha na sauti zinanakiliwa zilivyo. Hakuna kuchakata upya, ubora haushuki, na inachukua muda mfupi. Fungua faili mpya kwa VLC, nenda Playback kisha Chapter, na utakuta vichwa vyako vyote. Fahamu tu kwamba TV nyingine zinacheza video bila kuonyesha sura. Kwa hivyo orodha ile ile iandike pia kwenye ujumbe unaomtumia mteja, ili awe na saa za kuendea mwenyewe.

Kabla ya kutuma, bofya kila sura na usikilize sekunde tatu za kwanza. Ukisikia nusu ya neno, umeanza kwa kuchelewa, rudisha sekunde mbili. Ukiona picha ya sehemu iliyopita ikikawia, umeanza mapema mno. Na kama sura zote zimekosea kwa mkato mmoja, unajua kilichotokea: hukutoa ile moja ulipohesabu karatasi.

Mteja wako hahitaji kusikia lolote kuhusu fremu wala kizingiti. Video iko YouTube, kwa hivyo mwisho wa linki unaongeza &t=5936, au ?t=5936 kama linki haina alama ya kuuliza, yaani nambari ya sekunde, na inafunguka pale pale emsii anapomwita shosho. Unamtumia kwa WhatsApp na maneno machache: “Pole sana tena. Inaanzia anapoinuka. Anaongea dakika nane na nusu hivi, msiikatize kabla ya keki.”

Na harusi ya Jumamosi ijayo, ukiwa bado unahariri, weka alama pale kila mzee anaposhika maiki. Hizo ndizo alama ambazo kompyuta haitakuja kukupa.